Tano ya Madridi si tano ya Havana: kusoma matokeo ya shule ya Kihispania kwenye ofisi ya udahili

Karatasi ya matokeo ya Kihispania ikifika mezani kwa ofisa udahili, jambo la kwanza ni kutafuta jina la nchi kwenye kichwa cha karatasi, kabla ya kugusa alama hata moja. Kihispania ni lugha ya nchi nyingi, na kila nchi ina kipimo chake. Chukua namba 5. Kwenye sekondari ya Uhispania, 5 kati ya 10 ndiyo alama ya chini kabisa ya kufaulu. Meksiko nako wanapima mpaka 10, lakini kufaulu kunaanzia 6, kwa hiyo aliyepata 5 amefeli. Chile wanapima kuanzia 1 hadi 7 na kufaulu ni 4, hivyo 5 ya huko ni ufaulu wa wastani. Vyuo vikuu vya Kuba vinatumia 2 hadi 5, ambapo 3 ni kufaulu na 5 ndiyo alama ya juu kuliko zote. Sekondari za Kuba zenyewe zinapima kwa mia, na kufaulu ni 60.

Kolombia ina utata wake. Kwa Amri namba 1290 ya mwaka 2009, kila shule inajipangia kipimo chake, ila inatakiwa kukilinganisha na maneno manne ya kitaifa: Superior, Alto, Básico na Bajo. Kwa hiyo karatasi ya Kolombia isiyo na ufunguo wa alama nyuma yake haifai kubadilishwa. Unairudisha kwa mwombaji akaulete huo ufunguo kutoka shuleni kwake.

Kwa Afrika Mashariki, karatasi za namna hii zinaletwa na watoto wa familia zetu waliosomea Ulaya, na zinaletwa pia na vijana wa Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha rasmi. Zanzibar na Tanzania Bara zina watu wengi waliosomea Kuba, wakiwamo madaktari, ingawa vyeti vyao vingi ni vya chuo. Hapa nitaishughulikia Uhispania peke yake, na upande wa pili nitaweka kidato cha sita cha Tanzania, kwa sababu ukielewa jozi hiyo moja vizuri, nyingine unazifuata kwa njia ileile.

Mtoto wa Uhispania anasoma miaka sita ya msingi, kisha minne ya sekondari ya lazima inayoitwa ESO, kisha miwili ya Bachillerato. Akimaliza ana umri wa miaka 18 hivi. ESO unaiweka sambamba na kidato cha nne, na Bachillerato sambamba na kidato cha tano na cha sita. Karatasi tunayoihitaji ni ile iitwayo Certificación Académica, yenye masomo yote ya miaka miwili ya Bachillerato na alama ya kila somo. Cheti chenyewe, Título de Bachiller, kinathibitisha tu kwamba mtu amehitimu. Ofisi ikipewa cheti bila karatasi ya masomo haiwezi kufanya lolote, na nitaeleza kwa nini cheti hicho kinaweza hata kupotosha.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya makala hii. Ni binti wa Kitanzania aliyehitimu Bachillerato ya sayansi mjini Madridi na anaomba shahada ya uhandisi ujenzi Dar es Salaam. Mwaka wa pili alama zake ni hizi: Lengua Castellana y Literatura II amepata 9, Historia de España 9, Historia de la Filosofía 8, Inglés II 10, Dibujo Técnico II 8, Química 7, Matemáticas II 6. Kwenye mstari wa Física kuna namba mbili: 4 chini ya safu ya Ordinaria na 5 chini ya safu ya Extraordinaria.

Mambo matatu kwenye mistari hiyo huwakwaza watu. La kwanza ni zile namba za Kirumi. II baada ya jina la somo inaonyesha mwaka wa pili tu. Haina uhusiano na ugumu wa somo, na wala si divisheni. La pili ni zile safu mbili. Ordinaria ni mtihani wa kawaida wa mwisho wa mwaka, na Extraordinaria ni nafasi ya kurudia kwa aliyefeli. Alama inayohesabika ni ya mwisho, yaani 5. Usitafute wastani wa 4 na 5, wala usihesabu kwamba amesoma fizikia mara mbili. La tatu ni kwamba ukifungua ukurasa wa mwaka wa kwanza hutaikuta Física wala Química kila moja peke yake. Utakuta somo moja, Física y Química, lenye alama moja. Mwaka wa kwanza masomo hayo hufundishwa pamoja, kisha yanatengana mwaka wa pili. Ukimwandikia binti huyu kwamba hana fizikia ya mwaka wa kwanza umemkosea haki yake.

Hisabati nayo inataka jicho kali kuliko somo lolote. Kuna Matemáticas I na II, na kuna Matemáticas Aplicadas a las Ciencias Sociales, pia I na II. Hii ya pili ni hisabati ya wanafunzi wa sayansi ya jamii, yenye takwimu na hesabu za biashara kwa wingi. Kwa mwombaji wa uhandisi tofauti hiyo ni kubwa, karibu kama ile iliyopo kwetu kati ya hisabati ya tahasusi ya PCM na hisabati tumizi ya kidato cha sita. Mfasiri akiandika “Hisabati” kwa yote mawili, ofisa hana njia ya kujua. Ndiyo maana kwenye jedwali la tafsiri jina la Kihispania libaki kama lilivyo, na Kiswahili chake kikae pembeni yake.

Sasa tazama chini ya karatasi. Pale pameandikwa Nota media: 8,00. Huo ni wastani wa masomo yote kumi na sita ya miaka miwili, kila somo kwa uzito sawa. Elimu ya viungo ya mwaka wa kwanza ina uzito uleule wa Matemáticas II. Wastani huo una kazi yake Uhispania, lakini kwa udahili wa Tanzania hauna kazi. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa prinsipo mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, tena katika masomo yanayotakiwa na programu husika. Kwenye uhandisi ujenzi kwa kawaida hayo ni hisabati na fizikia. Binti huyu wastani wake wa 8 umebebwa na Kiingereza, historia na lugha, na masomo mawili anayoyahitaji ndiyo yaliyo chini kabisa kwenye orodha yake. Ofisa anayebadilisha wastani atamwona ni mwanafunzi wa daraja A. Akibadilisha somo kwa somo atamwona mwombaji tofauti kabisa.

Pamoja na karatasi ya shule, mwombaji ataleta ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, PAU, ambao wengi bado wanauita Selectividad. Mtihani huu hutungwa na kusahihishwa nje ya shule ya mwanafunzi, na kwa sababu hiyo una thamani kwetu tuliozoea matokeo ya Baraza la Mitihani. Kwa binti wetu imeandikwa: Lengua 8,25, Historia 8,5, Inglés 9,5, Matemáticas II 5,25. Wastani wa hayo manne ni 7,875. Uhispania huchukua asilimia 60 ya wastani wa Bachillerato na asilimia 40 ya wastani huu. Sita kwa kumi ya 8 ni 4,8, na nne kwa kumi ya 7,875 ni 3,15. Jumla ni 7,95, nayo ndiyo alama yake ya kustahili chuo.

Kisha kuna sehemu ya hiari, ambamo mwanafunzi hufanya masomo ya ziada yanayohusiana na fani anayoitaka ili apande kwenye foleni ya nafasi. Masomo mawili bora huzidishwa kwa 0,1 au 0,2, kutegemea uhusiano wake na fani, na kujumlishwa juu. Binti alipata 5,5 kwenye Física na 6,75 kwenye Química, yote kwa 0,2. Hapo anaongeza 1,1 na 1,35. Jumla ya mwisho ni 10,40.

Namba hiyo ndiyo inayoleta balaa. Ofisa aliyeambiwa kwamba Uhispania wanapima mpaka 10 anaona mtu mwenye 10,4 na kudhani amevuka kilele. Ukweli ni kwamba kilele cha alama hii ni 14, kwa kuwa kumi zinatoka kwenye sehemu ya lazima na nne kwenye ya hiari. Hata ukijua hivyo na kugawanya kwa 14, bado hujapata kitu cha maana, maana ndani yake Kiingereza na fizikia vimechanganywa na kupewa uzito wa Kihispania. Alama ya 14 iandike kwenye maelezo, isiingie kwenye hesabu.

Namba hiyohiyo inaleta tatizo jingine kwenye kompyuta. Wahispania hutenganisha desimali kwa mkato, na mara nyingi kadi ya PAU huonyesha tarakimu tatu baada ya mkato: 7,950 na 10,400. Programu ya Excel iliyopangwa kwa mtindo tunaoutumia huku huuona mkato huo kama alama ya maelfu. Ukichapa 10,400 inahifadhi elfu kumi na mia nne, na ukichapa 7,950 unapata elfu saba mia tisa na hamsini. Haitoi onyo lolote. Dalili yake ni kwamba wastani wa safu nzima unakuwa namba kubwa isiyoeleweka, au kigezo ulichokiweka cha “zaidi ya 5” kinapitisha kila mtu. Dawa ni kuifanya safu iwe ya maandishi kabla ya kuchapa, kisha kugeuza kwenye safu ya pili kwa fomula hii:

```
=NUMBERVALUE(A2,",",".")
```

Turudi kwenye kubadilisha alama zenyewe. Kipimo cha kidato cha sita ni A kuanzia 80, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59 na E 40 hadi 49. Kwa udahili A inapewa pointi 5, inashuka moja moja mpaka E yenye pointi 1. (Usizichanganye na pointi za divisheni, ambazo zinakwenda kinyume, A ikiwa 1.) Chini ya 40 kuna S, ambayo si prinsipo, na F.

Njia inayomjia kila mtu haraka ni kuzidisha kwa kumi: 6 inakuwa 60, 5 inakuwa 50. Kosa lake ni kwamba inalinganisha vilele na kusahau sakafu. Mhispania mwenye 5 amegusa mstari wa kufaulu, hana hata robo ya ziada. Kwetu aliyegusa mstari wa prinsipo ana 40. Kuzidisha kwa kumi kunampa 50, yaani kunamwongezea alama kumi na daraja zima asilolifanyia kazi. Njia ya haki zaidi ni kufunga sakafu kwa sakafu na kilele kwa kilele: 5 ya kwao ikae kwenye 40 yetu, 10 yao ikae kwenye 100 yetu, na zilizo katikati zigawanywe kwa usawa. Kutoka 5 hadi 10 kuna hatua tano, kutoka 40 hadi 100 kuna alama 60, hivyo kila hatua ni alama 12. Alama ya Kihispania ikiwa kwenye B2:

```
=40+(B2-5)*12
```

Matokeo yake ni kwamba 5 inakuwa 40, yaani E. 6 inakuwa 52, D. 7 inakuwa 64, C. 8 inakuwa 76, B. 9 inakuwa 88 na 10 inakuwa 100, zote mbili A.

Mweke sasa binti wetu kwenye mizani zote mbili. Kwa kuzidisha kwa kumi, Matemáticas II ni 60, yaani C yenye pointi 3, na Física ni 50, yaani D yenye pointi 2. Jumla ni pointi 5, anapita. Kwa kufunga sakafu, hisabati ni 52, D, pointi 2, na fizikia ni 40, E, pointi 1. Jumla ni pointi 3, hafikii 4.0. Mtu ni yuleyule na karatasi ni ileile, ila njia ya hesabu ndiyo imeamua kama anaingia au haingii. Kwa hiyo ofisi haiwezi kuacha kila ofisa achague njia yake. Iandikwe, na itumike kwa waombaji wote wa nchi hiyo.

Fomula hii ina mipaka yake, na lazima isemwe. Alama za Bachillerato hutolewa kwa namba kamili bila desimali. Mwalimu aliyekuwa na mwanafunzi wa 5,6 na mwingine wa 6,4 anaweza kuwaandikia wote wawili 6. Ukizipitisha kwenye fomula, 5,6 inatoa karibu 47, ambayo ni E, na 6,4 inatoa karibu 57, ambayo ni D. Hatua moja ya Kihispania ni pana kuliko daraja letu zima. Hivyo anayeandika “52” kwenye fomu kana kwamba ni alama iliyopimwa anadai uhakika ambao karatasi haina. Andika daraja, na mbele yake acha alama ya asili.

Hapa ndipo PAU inaposaidia, kwa sababu ina desimali na haikutoka kwa mwalimu wa darasani. Hisabati ya binti ni 5,25, ambayo kwa fomula ni 43. Fizikia ni 5,5, ambayo ni 46. Zote ni E. Shule imesema D na E, mtihani wa nje umesema E na E. Vyanzo viwili vinakubaliana kwamba hayuko kwenye pointi 4, na uamuzi unasimama. Kama PAU ingesema 7 kwenye masomo hayo mawili, ningeona ofisi ina wajibu wa kulipeleka jambo hilo mbele likiwa na maelezo, isimkate mwombaji kwa alama ya shule iliyokuwa kwenye ukingo. Lakini PAU isiwe sharti. Mtu anahitimu Bachillerato bila kuifanya, na ndani yake mtu anaweza kupata 3 kwenye somo moja na bado akavuka kwa wastani.

Fomula isitumike kamwe chini ya 5. Ukiweka 4 itakupa 28, namba inayoonekana kama alama halali wakati mwanafunzi hakufaulu somo. Na usidhani kwamba mwenye cheti hawezi kuwa na 4. Tangu mageuzi ya sheria ya elimu ya Uhispania ya mwaka 2020, jopo la walimu linaweza, kwa hali ya pekee na kwa masharti, kumpa cheti mwanafunzi aliyefeli somo moja ikiwa wastani wake haupungui 5. Somo hilo linaweza kuwa ndilo ambalo programu yako inalihitaji. Hii ndiyo sababu nilisema cheti bila karatasi ya masomo kinaweza kupotosha.

Kuna maneno machache mengine yatakayojitokeza. Matrícula de Honor ni heshima kwa waliohitimu na wastani wa 9 na kuendelea, wachache katika kila shule. Haiongezi alama juu ya 10. NP ni kutofika kwenye mtihani. Religión ikionekana, ina alama yake, lakini Wahispania wenyewe huiondoa kwenye wastani unaotumika kushindania nafasi. Ndiyo maana wakati mwingine ukijumlisha masomo yote hupati Nota media iliyoandikwa. Kabla ya kushuku kwamba karatasi imeghushiwa, ondoa Religión na uhesabu upya.

Majina pia. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la upande wa baba likitangulia la mama, na karatasi nyingi huanza na ukoo, mkato, kisha jina. Mtanzania mwenye majina matatu akisajiliwa huko, jina la baba na la babu huingizwa kwenye nafasi hizo mbili za ukoo. Pasipoti yake ya Tanzania inaweza kuyapanga tofauti. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho kabla ya kumtuma mtu akaape kiapo cha majina.

Kazi yote hii ya ofisi ya chuo ni usomaji wa awali. Ulinganifu rasmi wa matokeo ya sekondari ya nje hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Vyeti vya ngazi ya stashahada vinakwenda NACTVET, na shahada TCU. NECTA ikitoa daraja tofauti na lako, la kwako linafutika. Lakini mwombaji aliyepelekewa usomaji sahihi mapema anajua anasimama wapi kabla ya kulipa ada na kusubiri, na anajua alete nini: karatasi ya ESO kwa ajili ya kidato cha nne, ya Bachillerato yenye miaka yote miwili, na kadi ya PAU.

Kwa binti wetu, taarifa ya ofisi ingesomeka hivi: Matemáticas II, 6 kati ya 10, kufaulu ni 5, karibu na D, Física, 5 baada ya kurudia, karibu na E, Química, 7, karibu na C. Hisabati na fizikia zinampa pointi 3, hatoshi kwa uhandisi ujenzi. Hisabati na kemia zinampa pointi 5, na zipo programu zinazokubali jozi hiyo, kwa hiyo zitajwe kwa majina kwenye barua yake. Alama ya shule haiwezi kubadilika tena, ila PAU inaruhusiwa kurudiwa kwenye vipindi vinavyofuata ili kuongeza alama, na kama anataka kuendelea kuipigania nafasi ya uhandisi, alama mpya ya Física na Matemáticas II ndiyo anayopaswa kuiambatanisha na ombi la mwaka ujao.